Jinsi ya kusoma vichwa vya habari, vibao na lebo za Kiingereza vinavyoonekana vimepungukiwa maneno

Swali hili linarudi kila mara, linabadilika sura tu. Mwanafunzi amefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba nomino ya umoja katika Kiingereza hutanguliwa na "a" au "the", na kwamba sentensi haisimami bila kitenzi. Kisha anafungua gazeti na kukuta "Two killed as bus hits lorry". Anageuza chupa ya dawa na kukuta "Shake well before use". Langoni kwa watu anakuta "Beware of dog". Anauliza: hawa nao hawakusoma?

Walisoma, na wala hawakukosea. Kiingereza kina sarufi fupi inayotumika pale nafasi inapokuwa ndogo, nayo ina kanuni zake. Hufuti neno lolote unalotaka. Na wewe unayesoma hapa sarufi ya namna hiyo unayo tayari, kwa sababu magazeti ya Kiswahili yanafanya vivyo hivyo kila siku: "Waziri afutwa kazi", "Basi lagonga lori, wawili wafariki", "Serikali kuajiri walimu wapya". Hakuna anayemwambia jirani yake "serikali kuajiri walimu". Utamwambia "serikali itaajiri". Lakini ukikuta maneno hayo juu ya gazeti hushtuki. Mwongozo huu unatumia ujuzi huo ulio nao kukufundisha kurudisha maneno yaliyoachwa katika Kiingereza.

Kabla ya kuanza, uwe na vitu hivi

- Kichwa cha habari pamoja na aya yake ya kwanza. Kichwa peke yake kinaweza kukudanganya, aya ya kwanza ndiyo itakayokusahihisha.
- Kamusi inayoonyesha kama neno ni nomino au kitenzi. Maneno mengi ya vichwa vya habari ni yote mawili.
- Karatasi na penseli. Ukifanyia kichwani utaruka hatua.
- Umbo la tatu la vitenzi, yaani lile la mwisho katika take, took, taken. Kama bado hujalikariri, weka orodha yake pembeni.

Tutafanyia kazi kichwa kimoja cha kweli mwanzo hadi mwisho. Kilichapishwa na gazeti la The New York Times tarehe 16 Aprili 1912, baada ya meli ya Titanic kuzama:

> TITANIC SINKS FOUR HOURS AFTER HITTING ICEBERG; 866 RESCUED BY CARPATHIA, PROBABLY 1250 PERISH; ISMAY SAFE, MRS. ASTOR MAYBE, NOTED NAMES MISSING

Nimekichagua kwa sababu karibu kila namna ya kuacha maneno imo humo. Kwa kukielewa: Carpathia ni meli iliyofika kuokoa watu, Ismay alikuwa mwenyekiti wa kampuni iliyomiliki Titanic, na Mrs. Astor alikuwa mke wa mmoja wa matajiri wakubwa wa Marekani waliokuwa melini.

Hatua ya 1: Kata kichwa vipande kwenye alama

Weka mstari wima kila palipo na mkato, nukta-mkato, nukta mbili au deshi. Kichwa chetu kinatoa vipande sita:

1. TITANIC SINKS FOUR HOURS AFTER HITTING ICEBERG
2. 866 RESCUED BY CARPATHIA
3. PROBABLY 1250 PERISH
4. ISMAY SAFE
5. MRS. ASTOR MAYBE
6. NOTED NAMES MISSING

Usizipuuze alama hizo, kwa sababu zimebeba kazi ya maneno yaliyoondolewa. Mkato mara nyingi umekalia nafasi ya "and". Ukiona "Kenya, Uganda sign deal", soma "Kenya and Uganda". Nukta mbili mara nyingi imekalia nafasi ya "says": kilicho upande mmoja ni msemaji, kilicho upande wa pili ni maneno yake.

Hatua ya 2: Tafuta kitenzi cha kila kipande na utambue umbo lake

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo usiende mbio. Kitenzi cha kichwa cha habari huja kwa maumbo matatu, na kila umbo lina pacha wake katika magazeti yetu.

Umbo la kwanza ni wakati uliopo wa kawaida: sinks, dies, wins, sign. Hili hueleza jambo lililokwisha kutokea, kwa kawaida jana au leo. Pacha wake ni -a- ya "Basi lagonga lori". Kwa hiyo TITANIC SINKS si "Titanic inazama" wala "Titanic huzama". Ni "Titanic yazama", maana yake imezama. PERISH nayo ni hivyo hivyo, ila haina "s" kwa sababu wahusika ni wengi. Upatanisho wa kitenzi na mtenda haulegezwi hata kwenye kichwa cha habari.

Umbo la pili ni "to" ikifuatwa na kitenzi: "Govt to hire teachers". Hili ni jambo ambalo halijatokea. Pacha wake ni ku- ya "Serikali kuajiri walimu". Kilichoachwa ni "is" au "are", maana sentensi kamili ni "The government is to hire teachers", na ukiiandika "will hire" hujakosea.

Umbo la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Ni lile umbo la tatu la kitenzi, likisimama bila "is" wala "was": killed, rescued, arrested, held. Pacha wake ni -w- ya kutendwa: "Wawili wauawa", "Waziri afutwa kazi". 866 RESCUED si "watu 866 waliokoa". Ni "watu 866 waokolewa".

Mtu anachanganyikiwa kwa sababu "rescued" inafanana kabisa na wakati uliopita. Lakini kumbuka tulivyosema: tukio lililopita, mtenda akiwa ndiye anayetajwa mwanzo, huandikwa kwa wakati uliopo. Mhariri akitaka kusema kwamba polisi walimkamata mtu, ataandika "Police arrest man". Akiandika "Man arrested", huyo mtu ndiye aliyekamatwa. Kwa hiyo shika hivi: ukiona -ed kwenye kichwa cha habari, isome kwanza kama kutendwa, na ubadili mawazo pale tu aya ya kwanza inapokulazimisha.

Linganisha:

- "Man kills three" ni mtu mmoja ameua watu watatu.
- "Man killed by three" ni mtu mmoja ameuawa na watu watatu.
- "Three killed" ni watu watatu wameuawa au wamepoteza maisha katika ajali.

Tahadhari: "to" si wakati ujao kila mahali. Tarehe 30 Oktoba 1975 gazeti la Daily News la New York lilitoka na kichwa "FORD TO CITY: DROP DEAD". Jiji la New York lilikuwa linakaribia kufilisika, na siku iliyotangulia Rais Ford alikuwa ametangaza kwamba hataidhinisha sheria ya kuliokoa. Baada ya "to" hapo kuna nomino, "city", si kitenzi. Hiyo "to" ni "kwa": Ford aliambia jiji. Nukta mbili inabeba "alisema". Na tena Ford hakutamka maneno hayo popote, mhariri ndiye aliyeufupisha msimamo wake hivyo. Kabla ya kuandika "will", angalia neno linalofuata "to".

Hatua ya 3: Rudisha "be" iliyoachwa

Kama kipande hakina kitenzi, au kina umbo la tatu peke yake, au kina neno la sifa peke yake, kuna "is", "are", "was" au "were" iliyoondolewa. Rudisha:

- 866 RESCUED inakuwa "866 people were rescued". Angalia na "people", nayo ilikuwa imeachwa. Namba ikisimama peke yake kwenye kichwa cha habari, karibu kila mara ni watu.
- ISMAY SAFE inakuwa "Ismay is safe".
- MRS. ASTOR MAYBE imeachwa maneno mawili kwa mpigo, kitenzi na sifa. "Safe" imeazimwa kutoka kipande kilichotangulia: "Mrs. Astor may be safe".
- NOTED NAMES MISSING inakuwa "noted names are missing", yaani watu wenye majina makubwa hawajulikani walipo.

Kiswahili chenyewe hapa kinakurahisishia, kwa sababu "Ismay salama" inaeleweka bila "yuko". Tatizo la mwanafunzi wetu huwa si kuelewa, ni kuandika. Akishazoea "Ismay safe" gazetini, anaiingiza kwenye insha na kukatwa alama.

Tahadhari: si kila -ing inadai "be". "Missing" katika kipande cha sita inaidai, kwa sababu hakuna kitenzi kingine hapo. Lakini "hitting" katika kipande cha kwanza imetanguliwa na "after", na kitenzi cha kipande hicho ni "sinks". Hapo usiongeze "is". Ukitaka kuikunjua, andika "after it hit".

Hatua ya 4: Rudisha "a", "an" na "the"

Fanya hatua hii baada ya vitenzi, si kabla. Ukianza na vineno hivi utabahatisha, kwa sababu hujajua bado kama neno fulani ni nomino au kitenzi.

Kwa kila nomino jiulize: je, hiki kipo kimoja tu, au msomaji anajua ni kipi kinachosemwa? Basi ni "the". Je, ni kimoja miongoni mwa vingi na ndiyo kwanza kinatajwa? Basi ni "a" au "an". Ni wingi usio maalumu, au ni kitu kisichohesabika? Mara nyingi hakuna cha kurudisha. Jina la mtu liache lilivyo.

Kwenye kichwa chetu, siwa la barafu lilikuwa moja kati ya mengi baharini, kwa hiyo "an iceberg". Majina ya meli katika Kiingereza hutanguliwa na "the", kwa hiyo "the Titanic" na "the Carpathia". Ismay na Mrs. Astor hawahitaji kitu.

Sasa kichwa kizima kinasomeka hivi:

> The Titanic sank four hours after it hit an iceberg. 866 people were rescued by the Carpathia, and probably 1250 have perished. Ismay is safe, Mrs. Astor may be safe, and people with noted names are missing.

Kwa anayependa historia: taarifa yenyewe haikuwa sahihi yote. Meli iligonga saa 5:40 usiku wa tarehe 14 na ikazama saa 8:20 usiku huo huo, ambayo ni saa mbili na dakika arobaini, si saa nne. Waliokufa walikuwa kama 1,500. Habari zilikuwa zikifika vipande vipande. Ila sarufi haina kasoro, na hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Jaribu mwenyewe na hiki kabla ya kuendelea. The New York Times la tarehe 21 Julai 1969 liliandika kwa herufi kubwa "MEN WALK ON MOON", na chini yake "ASTRONAUTS LAND ON PLAIN; COLLECT ROCKS, PLANT FLAG". Mwezi ni mmoja, kwa hiyo "the moon". Tambarare walipotua ni moja kati ya nyingi na ndiyo kwanza inatajwa, "a plain". Bendera hivyo hivyo, "a flag". Mawe ni wingi, hayahitaji neno. Baada ya nukta-mkato mtenda mwenyewe ameachwa, ni wale wale wanaanga, kwa hiyo rudisha "they". Na mkato wa mwisho ni "and": "Astronauts landed on a plain; they collected rocks and planted a flag". Aliyekimbilia kamusi akachukua maana ya kwanza ya "plant" atakuwa na mmea mwezini. Ndiyo maana tulianza na vitenzi.

Hatua ya 5: Nomino zikipangwa mstari, soma kutoka mkiani

Wahariri wa Kiingereza hupanga nomino tatu, nne, hata tano bila kiunganishi. Huu hapa mfano niliotunga mwenyewe: "Dar port fuel tax row deepens". Kitenzi ni "deepens". Vyote vilivyo kabla yake ni kitu kimoja, na kiini cha kitu hicho ni neno la mwisho kabisa, "row". Anza hapo urudi nyuma: mvutano, wa kodi, ya mafuta, ya bandari, ya Dar. Unaona kwamba Kiswahili kimejipanga chenyewe, kinyume neno kwa neno, na kila mahali ulipotia wa au ya ndipo Kiingereza kilipoacha "over", "on", "at" au "of". Sentensi kamili ni "The row over the tax on fuel at the port of Dar is deepening".

Ukianza na mwanzo utadhani habari inahusu bandari. Inahusu mvutano.

Hatua ya 6: Pima kwa aya ya kwanza

Soma sasa aya ya kwanza ya habari. Humo maneno yote yamo: "the", "a", "was", jina la mahali, siku. Linganisha na sentensi uliyoiunda. Ukiandika "was arrested" na aya inasema "has been arrested", usijilaumu, kichwa hakikuwa na namna ya kukuonyesha tofauti hiyo. Lakini ukiandika kwamba polisi wamekamata na aya inasema polisi ndiye aliyekamatwa, rudi hatua ya 2.

Kuna kichwa kimoja kilichopata umaarufu kwa kuwatatiza hata wenye lugha yao. Mwaka 2009 gazeti la Japan Today liliandika "Violinist Linked to JAL Crash Blossoms". Wasomaji walijiuliza hayo "crash blossoms" ni maua gani. Tumia kanuni zetu. Wanaogombea nafasi ya kitenzi ni wawili, "linked" na "blossoms". "Linked" ina -ed, kwa hiyo isome kama kutendwa, nayo inamweleza mpiga fidla tu: anayehusishwa na ajali ya ndege ya JAL, shirika la ndege la Japani. Kinachobaki ni "blossoms", ina "s" ya mtenda mmoja, ndiyo kitenzi. Mpiga fidla anayehusishwa na ajali ile anachanua, yaani anang'ara katika kazi yake. Habari ilikuwa ya msanii ambaye baba yake alikufa katika ajali ya ndege hiyo mwaka 1985. Baada ya hapo wahariri wa Kiingereza wakaanza kuviita vichwa vyote vya utata "crash blossoms".

Hatua ya 7: Vibao

Vibao ni rahisi zaidi kwa sababu mahali kilipowekwa ndipo panapobeba maneno yaliyoachwa. Kibao cha "Wet paint" kiko kwenye ukuta uliopakwa, kwa hiyo "this" na "is" hazina kazi. Sisi wenyewe tunaandika "Mbwa mkali" langoni, bila kitenzi, na hakuna mgeni anayeuliza mbwa mkali amefanya nini.

Unachotakiwa kufanya ni kujiuliza kibao ni cha aina gani kati ya tatu. Kinaeleza hali: "Road closed", "Lift out of order". Hapo rudisha "the" mbele na "is" katikati. Kinakataza: "No parking", "No entry". Hapo soma "is not allowed here". Kinaamuru au kuonya: "Keep left", "Beware of dog". Amri haihitaji mtenda hata katika Kiingereza cha kawaida, kwa hiyo kilichoachwa ni kineno tu.

Wengine huuliza mbona vibao vingine vina "the" na vingine havina. Vyote ni sahihi. Waingereza hupenda "Beware of the dog", Wamarekani "Beware of dog". Onyo la treni za chini ya ardhi za London, "Mind the gap", limebaki na "the" yake, na hakuna anayelifupisha. Usitafute kanuni hapo, chukua kila kibao kilivyozoeleka.

Tahadhari moja: "Dead slow", ambayo utaikuta kwenye mageti ya viwanda na shule, haina habari ya kifo. "Dead" hapo ni "kabisa": pole pole kabisa.

Hatua ya 8: Lebo

Hapa kosa lina gharama, hasa kwenye dawa. Lebo huacha kitu ambacho vichwa vya habari haviachi sana: yambwa, yaani kile kinachotendewa. "Shake well before use" ni tikisa nini? Chupa uliyoishika. "Store below 30°C" ni hifadhi nini? Hii dawa. Kwa hiyo kwenye lebo, baada ya kila amri, rudisha "it" au "this medicine" kwanza, ndipo urudishe vineno.

Chukua maandishi yanayoonekana karibu kwenye kila chupa ya dawa: "Keep out of reach of children". Mwanafunzi aliyezoea kibao cha "Keep out" getini husoma hapa "usiingie", kisha anakwama na "of reach". Rudisha yambwa: "Keep this medicine out of the reach of children". Sasa "keep" imekutana na kitu chake, na "out of" imeungana na "the reach": weka dawa hii mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Kwenye geti, "keep out" ni kitu kimoja na haina yambwa, anayeambiwa akae nje ni wewe.

Nyingine ni "Not to be taken", huandikwa kwenye dawa za kupaka na vimiminika vyenye sumu. Kuna anayedhani anakatazwa kuondoka nayo. "Take" kwenye lebo ya dawa ni kumeza au kunywa. Kamili ni "This medicine is not to be taken", usinywe. Mara nyingi ipo pamoja na "For external use only", ya kutumia nje ya mwili tu.

Lebo pia huacha mtenda. "Contains milk" ni "This product contains milk". "May contain nuts" ni "This product may contain nuts", na "may" hapo ni "huenda", si ruhusa. Kwa mwenye mzio wa karanga tofauti hiyo si ya sarufi tu.

Na "If swallowed, seek medical advice" imeacha "it is": kama kimemezwa, na yeyote yule, nenda kwa daktari. Ni umbo la tatu lile lile la hatua ya 2.

Kama mfamasia ameandika kwa mkono kwenye bahasha "1 x 3", hiyo nayo ni sentensi iliyokatwa mno: kidonge kimoja mara tatu kwa siku, si vidonge vitatu mara moja. Usipoelewa lebo ya dawa, muulize aliyekupa kabla hujaondoka dirishani. Mwongozo wa lugha si badala yake.

Makosa yanayojirudia wakati wa kuandika

La kwanza ni kupeleka sarufi fupi mahali isipotakiwa. Ukiandika "Minister arrested yesterday" ndani ya insha, barua au ripoti, ni kosa, hata kama gazeti liliandika karibu hivyo. Mahali pake ni kichwa, kibao, lebo, notisi fupi, na zile nukta za wasifu wa kazi kama "Managed team of six".

La pili ni kukata nusu nusu. "A man killed in the crash" ikitumiwa kama kichwa haikai vizuri: umeacha "was" lakini umebakiza vineno vyote. Andika "Man killed in crash", au andika sentensi kamili.

La tatu ni kuchanganya wakati uliopo wa kichwa na neno la siku iliyopita. "Singer dies yesterday" haiandikwi. Kichwa ni "Singer dies", siku utaitaja ndani ya habari: "The singer died yesterday".

Ukikwama

*Sioni kitenzi kabisa.* Angalia kama kuna sifa, umbo la tatu au mahali mwishoni mwa kipande: rudisha "be" kabla yake. Kama zipo nomino tupu, mfano "Flood fears in Rufiji", basi soma kwa "There are": "There are fears of a flood in Rufiji".

*Naona vitenzi viwili.* Chenye -ed kinaeleza nomino iliyo kabla yake, kingine ndicho kitenzi kikuu. Kama vyote viwili havina -ed, fungua kamusi uone kipi kinaweza kuwa nomino.

*Neno nalijua lakini maana haikai.* Wahariri hupenda maneno mafupi yenye maana ya pili. "Row" ni mvutano, si mstari. "Graft" ni ufisadi. "Probe" ni uchunguzi au kuchunguza. "Bid" ni jaribio la kupata kitu, si zabuni tu. "Quiz" ni kuhoji, kwa hiyo "Police quiz governor" haina mashindano ya maswali. "Axed" ni kufutwa au kufukuzwa kazi. "Held" ni kushikiliwa na polisi.

*Kuna alama za kunukuu katikati ya kichwa.* Katika "Minister 'lied to House'" gazeti halisemi kwamba waziri alilidanganya Bunge. Linasema kuna mtu anayedai hivyo. Ukiikunjua, ongeza mdai kutoka aya ya kwanza. Na hapo "lied" ni -ed isiyo kutendwa, kwa sababu imo ndani ya maneno ya mtu mwingine, na maneno ya mtu hayafuati kanuni ya kichwa.

*Nimefuata hatua zote na bado nina sentensi mbili zinazowezekana.* Basi kichwa kina utata, na inawezekana mhariri hakuuona. Andika zote mbili, soma aya ya kwanza, futa moja.